Kila Mbinu na Kosa Lake: Orodha, Usomaji wa Kinyumenyume na Siku Moja ya Kusubiri katika Kujisahihishia Mswada wa Kiswahili

Ikisiri

Katika vitabu vya makongamano, mwandishi wa makala ndiye mara nyingi msomaji wa mwisho wa prufu zake. Makala haya yanachunguza mbinu tatu ambazo mwandishi anaweza kuzitumia peke yake: kukagua mswada kwa orodha, kusoma kinyumenyume, na kuuacha mswada kwa siku moja kabla ya kuurekebisha. Hoja kuu ni kwamba mbinu hizi haziwezi kushika nafasi ya nyingine. Kila moja hunasa aina yake ya kosa na hupofuka mbele ya aina nyingine. Upofu huo katika Kiswahili una sura yake maalumu, kwa sababu maana na sarufi ya sentensi hubebwa na viambishi vifupi vilivyo mbali na nomino zinazovitawala. Hoja hiyo inaonyeshwa kwa aya moja ya mfano yenye makosa manane. Mwisho, makala yanapendekeza mpangilio wa kutumia mbinu hizo na kubainisha mipaka yake.

Maneno muhimu: prufu, upatanisho wa kisarufi, tahajia, orodha ya ukaguzi, uhariri

1.0 Utangulizi

Mwandishi anapousoma mswada wake mwenyewe, husoma matini mawili kwa wakati mmoja: yale yaliyoandikwa na yale aliyokusudia kuyaandika. Pale ambapo mawili hayo yanatofautiana, aliyoyakusudia ndiyo hushinda. Daneman na Stainton (1993) waliwalinganisha watu waliosahihisha insha zao wenyewe na watu waliosahihisha insha za wenzao, wakaona kuwa makosa ya mtu mwenyewe ni magumu zaidi kuyaona. Kwa hiyo kushindwa kuyaona si dalili ya uzembe. Ni tokeo la kuyafahamu mno matini yanayosomwa.

Jambo la pili linahusu maneno mafupi yanayojirudia. Healy (1976) aliwataka wasomaji wa Kiingereza waitafute herufi fulani katika aya, akagundua kuwa waliikosa zaidi ilipokuwa ndani ya neno fupi linalotumika mno kuliko ilipokuwa ndani ya maneno mengine. Jicho lililozoea neno halilisomi herufi kwa herufi. Ni rahisi kuona jambo hilo lina maana gani kwa Kiswahili, lugha ambayo kila mstari umejaa *ya*, *wa*, *za*, *kwa* na *na*, na ambayo viambishi kama *ki-*, *-li-* na *-si-* vina herufi mbili tu. Sehemu za sentensi zinazopitwa na jicho kwa wepesi zaidi ndizo zinazobeba upatanisho, wakati na ukanushi.

Ushauri wa kuuacha mswada ni wa kale. Quintilian, mwalimu wa balagha wa Roma katika karne ya 1, alishauri katika juzuu ya 10 ya kitabu chake kwamba maandishi yawekwe kando kwa muda ili mwandishi ayarudie kana kwamba ni mapya na ni ya mtu mwingine. Ushauri wa kutumia orodha na wa kusoma kinyumenyume nao hutolewa mara kwa mara katika madarasa ya uandishi. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya kosa gani hunaswa na mbinu gani. Matokeo yake, mwandishi huchagua mbinu moja, huitumia kwa bidii, kisha huamini kuwa mswada wake umetakata.

2.0 Aya ya Mfano

Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya. Ichukuliwe kuwa mwandishi wake ni mtafiti wa Uganda ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiganda, naye anaripoti matumizi ya mwongozo wa kufundishia ngeli za Kiswahili katika shule za sekondari. Katika rasimu ya awali alikuwa ameandika *kitabu*. Baadaye aliona kuwa *mwongozo* ndilo neno linalofaa, akalibadilisha. Jedwali lake la matokeo, ambalo halionyeshwi hapa, linasema kuwa wanafunzi wengi hawakuelewa upatanisho.

> Mwongozo uliotumika katika madarasani una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inafafanua zana ya ngeli, na sehemu ya pili inatoa orodha ya nomino zilizo pangwa pamoja na zoezi katika kira ukurasa. Walimu ambao waliokitumia kwa muhula mzima walisema kuwa kinawasaidia kueleza upatanisho. Hata hivyo, wanafunzi walioelewa upatanisho baada ya muhula huo walikuwa wengi, na kwa sababu hiyo mwongozo unapaswa kuandikwa upya.

Aya hii ina maneno 60, sentensi 4 na makosa manane. Makosa mawili ni ya umbo la neno: *kira* badala ya *kila*, na *zilizo pangwa* badala ya *zilizopangwa*. La tatu ni neno sahihi lililokaa mahali pasipo pake: *zana* badala ya *dhana*. Mawili ni ya muundo ndani ya sentensi: *katika madarasani*, ambapo mahali pametajwa mara mbili, na *ambao waliokitumia*, ambapo urejeshi umewekwa mara mbili. La sita ni la upatanisho: *-ki-* katika *waliokitumia* na *ki-* katika *kinawasaidia* vimebaki kutoka enzi za *kitabu*, na sasa havina mwenyewe. Mawili ya mwisho ni ya maana: sehemu zimetajwa kuwa tatu lakini zimeelezwa mbili tu, na *walioelewa* limekuja mahali pa *wasioelewa*.

Kosa hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, na kwa macho ndilo dogo kuliko yote. Tofauti ya *walioelewa* na *wasioelewa* ni silabi moja. Maneno yote mawili ni sanifu, na programu ya kukagua tahajia haina sababu ya kulipigia mstari lolote kati yake. Hata hivyo, likichapishwa hivyo, matokeo ya utafiti yatakuwa yamepinduliwa, na atakayeyanukuu atanukuu kinyume cha yale yaliyopatikana darasani.

3.0 Usomaji wa Kinyumenyume

3.1 Neno kwa neno

Kusoma kinyumenyume kwa maana yake ya kwanza ni kuanza na neno la mwisho la matini na kurudi hadi la kwanza. Katika aya ya mfano, msomaji angeanza hivi: *upya, kuandikwa, unapaswa, mwongozo, hiyo, sababu*. Mtiririko wa maana unavunjika, na kila neno linasimama peke yake kama neno katika kamusi. Kwa sababu hakuna sentensi inayomwambia msomaji neno gani linafuata, analazimika kulitazama lililopo.

Kwa njia hii *kira* hujitokeza mara moja. Vilevile *pangwa* humsimamisha msomaji, kwa kuwa shina la kitenzi halitembei peke yake katika maelezo ya kawaida. Kosa la kutenganisha kirejeshi na kitenzi chake huwa gumu kuonekana msomaji anaposoma kwenda mbele, maana sikio huunganisha kile ambacho jicho limekiona kimetengana. Kinyumenyume, sikio halina cha kuunganisha.

Lakini *zana* hupita salama. Ni neno zuri, lina tahajia nzuri, na likiwa peke yake halina kosa lolote. Hali ni hiyohiyo kwa *kura* inapoandikwa *kula*, *karamu* inapoandikwa *kalamu*, *mahari* inapoandikwa *mahali*, na *thamani* inapoandikwa *samani*. Makosa haya hayamo ndani ya neno. Yamo kati ya neno na jirani yake, na usomaji wa neno kwa neno umekwisha kuwatenganisha majirani. Vivyo hivyo upatanisho wote hupotea. *Waliokitumia* likiwa peke yake halina dosari.

Kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu unachosha, usomaji wa neno kwa neno haufai kwa makala mazima. Unafaa pale ambapo maneno ni machache na kosa lina aibu kubwa: anwani ya makala, vichwa vya sehemu, ikisiri, maneno muhimu, vichwa vya majedwali, na majina ya watu wanaonukuliwa. Anwani hasa huhitaji ulinzi huu. Imeandikwa kwa herufi kubwa, mwandishi ameiona kila alipofungua mswada, na kwa hiyo ameacha kuisoma.

3.2 Sentensi kwa sentensi

Njia ya pili ni kuanza na sentensi ya mwisho na kuisoma yote kwenda mbele, kisha sentensi iliyoitangulia, hivyo hivyo hadi ya kwanza. Hapa majirani wameachwa pamoja, na kilichovunjwa ni mtiririko wa hoja tu. *Katika madarasani* na *ambao waliokitumia* huonekana, kwa sababu msomaji hana haraka ya kufuata kisa. *Dhana* na *zana* pia huanza kubishana, maana sentensi inayosema kuwa sehemu fulani *inafafanua zana ya ngeli* inapaswa sasa kueleweka yenyewe bila msaada wa utangulizi.

Faida iliyo kubwa zaidi kwa Kiswahili, hata hivyo, ni ya upatanisho. Msomaji anayesoma kwenda mbele hukutana na nomino kwanza na kiambishi baadaye. Mwandishi wa aya hii amekutana na *mwongozo*, lakini akilini mwake bado mna *kitabu* alichoishi nacho kwa miezi. Anapofika *kinawasaidia*, *ki-* humwafiki. Anayesoma sentensi kinyumenyume hukutana na kiambishi kwanza. Anafika kwenye sentensi ya tatu kabla hajaisoma ya kwanza, anakuta *waliokitumia* na *kinawasaidia*, naye hana budi kuuliza: *ki-* hii ni ya nani? Anainua macho kuitafuta nomino yake, anaikuta *mwongozo*, na kosa limekamatwa. Sahihisho ni *walioutumia* na *unawasaidia*.

Kuna mtego mmoja ambao waandishi wa taaluma za Kiswahili wanapaswa kuujua. Katika makala yanayohusu Kiswahili, *ki-* iliyopotelewa na mwenyewe hupata haraka mwenyewe wa bandia, kwa kuwa neno *Kiswahili* limetapakaa kila ukurasa. Msomaji anaweza kuelewa kuwa kinachowasaidia walimu ni Kiswahili chenyewe. Sentensi haionekani mbovu. Imebadilika maana tu. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama kiambishi kinaweza kupata nomino inayokubaliana nacho. Inapasa kuuliza kama nomino hiyo ndiyo iliyokusudiwa.

4.0 Orodha ya Ukaguzi

Orodha nyingi za ukaguzi hushindwa kwa kuwa ni za watu wote. Kipengele kinachosema "hakikisha tahajia ni sahihi" hakimwelekezi mwandishi atazame wapi. Orodha yenye manufaa ni ya mtu mmoja, na huzaliwa na makosa aliyokwisha kuyafanya. Njia ya kuiunda ni kuchukua makala matatu ya awali yaliyorudishwa na wahariri yakiwa na alama za masahihisho, kuandika kila sahihisho kwenye mstari wake, kuyakusanya yanayofanana, na kubakiza yale yaliyojirudia. Vipengele saba vinatosha. Vikizidi hapo, mwandishi huanza kuvitia alama bila kuvitekeleza.

Lugha ya kwanza ya mwandishi huacha alama yake katika orodha. Katika tahajia ya Kiganda, *r* huandikwa baada ya *e* na *i*, na *l* huandikwa kwingineko. Anayehamisha kanuni hiyo bila kujua huandika *kira* kwa *kila* na *mala* kwa *mara*. Mwandishi wa Kikuyu ana tatizo lililo karibu na hilo lakini si lilelile, kwa kuwa alfabeti ya lugha yake haina *l*. Anayetoka katika Dholuo, lugha isiyo na *sh* wala *z*, atahitaji kipengele kingine kabisa. Kuazima orodha ya mwenzake ni kutafuta makosa ya mwenzake.

Kila kipengele kiandikwe kama kitendo, na inapowezekana kiwe na neno la kutafutwa katika kompyuta kwa `Ctrl+F`. Kwa mwandishi wa aya ya mfano, orodha ingeweza kuwa hivi:

1. Tafuta *katika*. Neno linalofuata lisiwe na *-ni* ya mahali. Maneno kama *imani*, ambayo *-ni* ni sehemu ya mzizi wake, yaachwe.
2. Tafuta *amba*. Kitenzi kinachofuata kisiwe na kirejeshi kingine: ama *walimu ambao walitumia*, ama *walimu waliotumia*.
3. Tafuta *zilizo*, *iliyo*, *walio* na jamaa zake, kila moja ikifuatwa na nafasi. Kinachofuata kikiwa kitenzi, kiunganishwe. *Zilizo bora* na *zilizo nyingi* ni sahihi na ziachwe.
4. Pitia maneno ya *r* na *l* yaliyowahi kukosewa: *kila*, *mara*, *habari*, *kura*.
5. Tafuta *zana*, *dhana*, *samani* na *thamani*. Soma sentensi nzima kila mara.
6. Kwa kila nomino iliyobadilishwa ngeli, tafuta viambishi vya nomino ya zamani.
7. Linganisha kila sentensi ya matokeo na jedwali, ukianzia na zenye *-si-*, *ha-* na *-li-*.

Kipengele cha 6 kinahitaji maelezo. Mwandishi anapobadilisha *kitabu* kuwa *mwongozo*, habadilishi neno moja. Anabadilisha mnyororo wote: *kilichotumika* kuwa *uliotumika*, *chake* kuwa *wake*, *hicho* kuwa *huo*, *-ki-* ya mtendwa kuwa *-u-*. Pete za karibu hurekebishwa hapo hapo. Zilizo sentensi mbili mbele husahaulika, kama ilivyotokea katika aya ya mfano. Dawa yake ni kuandika pembeni, siku ileile ya mabadiliko, nomino ya zamani pamoja na viambishi vyake, kisha kuvitafuta kimoja kimoja: *kili*, *kina*, *oki*, *hicho*, *chake*.

Jambo la hatari ni kuiachia kompyuta ibadilishe kwa mkupuo. Mwandishi akiamuru kila *kira* igeuzwe kuwa *kila*, kompyuta itaigusa pia *fikira* na kuifanya *fikila*, na *kiranja* atakuwa *kilanja*. Kosa moja litakuwa limezaa mengine, na safari hii mahali ambapo mwandishi hakuwa na sababu ya kutazama. Utafutaji uachiwe kompyuta. Uamuzi ubaki kwa mtu, tukio kwa tukio.

Orodha itumike kipengele kimoja kwa safari moja. Mwandishi apitie mswada wote kwa *katika*, kisha aanze tena kwa *amba*. Inaonekana kama kupoteza muda, lakini anayetafuta kitu kimoja kwa kompyuta huruka kutoka tukio hadi tukio bila kuisoma mistari iliyo kati. Anayetafuta vitu saba kwa pamoja hulazimika kusoma yote, na anaposoma yote hurudi katika mazoea ya kufuata maana.

5.0 Siku Moja ya Kusubiri

Hadi hapa makosa sita kati ya manane yamenaswa. Yamebaki mawili: sehemu tatu zilizoelezwa mbili, na *walioelewa*. Kusoma neno kwa neno hakuwezi kuyaona. Kusoma sentensi kinyumenyume hakusaidii sana, maana kila sentensi ikiwa peke yake ni njema. Kosa la sehemu tatu linakaa kati ya sentensi ya kwanza na ya pili. Kosa la *walioelewa* linakaa ndani ya sentensi ya nne, katika mgongano wa kishazi chake cha kwanza na hitimisho lake, na pia kati ya aya na jedwali. Ili kuyaona, mtu anapaswa kusoma kwenda mbele, kwa kufuata hoja, na hapo ndipo mwandishi aliyemaliza kuandika saa moja iliyopita huwa kipofu zaidi. Bado anajua kuwa sehemu ya tatu ni majibu ya mazoezi, na ujuzi huo unaijaza nafasi iliyo tupu.

Kuuacha mswada kwa siku moja hakufuti ujuzi huo. Kunachofuta ni kumbukumbu ya maneno yenyewe: mpangilio wa sentensi na mwendo wake, ambao jana mwandishi aliweza kuukariri. Leo analazimika kuyasoma maneno ili ajue yanasema nini. Anapofika *wengi, na kwa sababu hiyo mwongozo unapaswa kuandikwa upya*, anashangaa kama ambavyo mgeni angeshangaa. Ikiwa walioelewa ni wengi, kwa nini mwongozo uandikwe upya? Mshangao huo ndio unaotafutwa. Mwandishi asiupuuze wala asiuondoe kwa kujieleza kimoyomoyo kile alichokusudia. Atie alama pembeni kila mahali ambapo amelazimika kusoma mara mbili, kwa sababu msomaji wake naye atasimama hapo hapo, ila yeye hatakuwa na wa kumweleza.

Siku moja huongezewa nguvu na mabadiliko ya sura. Mswada ulioandikwa kwenye kompyuta usomwe ukiwa umechapishwa kwenye karatasi, au angalau ubadilishwe aina na ukubwa wa herufi, ili mistari ivunjike mahali pengine. Kusoma kwa sauti nako kunasaidia, hasa kwa ukanushi, kwa kuwa *-si-* inayotamkwa ni vigumu kuimeza kuliko *-si-* inayotazamwa.

Tatizo la siku hii ni la kalenda. Makala ya kongamano humalizwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho, na siku ya kusubiri ndiyo ya kwanza kutolewa kafara. Njia iliyo rahisi ni kuandika katika ratiba tarehe ya kumaliza iliyo siku mbili kabla ya ile iliyotangazwa: siku moja ya kusubiri na moja ya kusahihisha. Ikiwa hilo limeshindikana kabisa, basi usiku mmoja wa usingizi baada ya kuandika hitimisho ni bora kuliko saa tatu za kusoma tena usiku huo huo.

6.0 Mpangilio wa Hatua

Makala haya yameanza na usomaji wa kinyumenyume kwa sababu ndio unaobainisha vizuri zaidi tofauti za makosa. Katika utendaji, mpangilio unageuka. Siku ya kusubiri huja kwanza na kufuatwa na usomaji wa maana. Orodha huja ya pili, na usomaji wa kinyumenyume huja mwisho.

Sababu ni kwamba marekebisho ya maana huzaa makosa ya umbo. Mwandishi wa mfano, akigundua upungufu wa sehemu ya tatu, ataongeza sentensi mpya, na sentensi hiyo inaweza kuwa na *kira* yake. Anayeanza kwa kusafisha tahajia na kumaliza kwa kubadilisha hoja ameosha vyombo kabla ya kula. Baada ya hatua zote tatu, kila sentensi iliyoguswa isomwe tena kwenda mbele, pamoja na moja inayoitangulia na moja inayoifuata. Hapo ndipo pete zilizokatika za upatanisho hupatikana.

Aya ya mfano, baada ya kupitia hatua hizo, ingesomeka hivi:

> Mwongozo uliotumika madarasani una sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inafafanua dhana ya ngeli, sehemu ya pili inatoa orodha ya nomino zilizopangwa pamoja na zoezi katika kila ukurasa, na sehemu ya tatu ina majibu ya mazoezi hayo. Walimu walioutumia kwa muhula mzima walisema kuwa unawasaidia kueleza upatanisho. Hata hivyo, wanafunzi wasioelewa upatanisho baada ya muhula huo walikuwa wengi, na kwa sababu hiyo mwongozo unapaswa kuandikwa upya.

7.0 Mipaka ya Mbinu Hizi

Corder (1967) alitofautisha kosa linalotokana na kutojua kanuni na kosa la kuteleza, ambalo mwenye kulitenda angeweza kulirekebisha mwenyewe akionyeshwa. Mbinu tatu zilizojadiliwa hapa ni za aina ya pili tu. Anayeamini kuwa *zana* na *dhana* ni neno moja anaweza kusubiri mwezi mzima na kusoma kinyumenyume mara kumi bila kuona chochote.

Kuna njia ya kutambua kosa ni la aina gani. Mwandishi alitafute neno hilo katika mswada wote. Likiwa limekosewa mahali pamoja na kuandikwa vyema kwingine, ameteleza, na mbinu zake zimefanya kazi. Likiwa limekosewa kila mahali, hajui, na anachohitaji ni kamusi au msomaji mwingine. Kinachogunduliwa na msomaji huyo kiingizwe katika orodha, ili mswada unaofuata usikihitaji tena.

Mpaka wa mwisho unahusu maumbo ambayo sanifu yenyewe inaruhusu zaidi ya moja. Waandishi huandika *makala hii* na *makala haya*, na zote mbili zina watetezi. Hapo orodha haiwezi kuamua lipi ni sahihi. Inaweza tu kuuliza kama mwandishi amechagua moja na kubaki nalo, tangu ikisiri hadi hitimisho.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa katika aya moja ya maneno 60 hakuna mbinu hata moja kati ya tatu ingeyanasa makosa yote manane. Usomaji wa kinyumenyume wa neno kwa neno huona maumbo, na ule wa sentensi kwa sentensi huona muundo na viambishi visivyo na mwenyewe. Orodha huyaona makosa ambayo mwandishi anajua kuwa ni yake. Siku ya kusubiri humpa mwandishi nafasi ya kuona kile alichokisema badala ya kile alichokusudia. Mwandishi mwenye muda wa hatua moja tu achague siku ya kusubiri, maana *kira* humwaibisha aliyeiandika, lakini *walioelewa* humpotosha aliyeisoma.